Kukariri Huishia Swali la Tatu

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufunga maduka Jumamosi asubuhi, maana najua katika biashara ya vifaa vya ujenzi hakuna siku yenye wateja kama leo. Mratibu aliniomba nizungumzie namna ya kumpata mfanyakazi bora. Nikamwambia hiyo ni kazi ya wiki nzima, anipe nafasi niseme jambo moja tu: mwombaji anayekuja mbele yenu na majibu aliyoyakariri, na namna ya kumvusha kwenye majibu hayo mpaka muone anavyofikiri.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye jopo la kutafuta msimamizi wa stoo, kampuni moja ya usambazaji hapa Eneo la Viwanda. Akaingia kijana nadhifu, akaketi wima. Tukamwuliza swali ambalo nyote mnalijua: tueleze wakati mmoja ulipotatua tatizo kazini. Akasema, "Nilipoajiriwa, hasara ya stoku ilikuwa asilimia 8. Nikaikutanisha timu, nikaanzisha utaratibu wa kuhesabu kila wiki, na baada ya miezi sita hasara ikashuka hadi asilimia 2. Nilijifunza kwamba ushirikiano ndio nguzo ya mafanikio." Mwenyekiti alikuwa ameshaandika 9 kwa 10 kabla kijana hajamaliza. Mimi pia niliandika 9.

Alidumu miezi mitatu. Hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa hajui kuhesabu stoo. Siku ya hesabu alisimama mlangoni na karatasi yake, akiwapigia vibarua kelele, "Hapo ni ngapi?" Walichotaja ndicho alichoandika.

Hilo ningelisahau, watu hukosea. Lakini muda mfupi baadaye, jopo jingine, kampuni nyingine, akaingia msichana ambaye hakuwa na uhusiano wowote na yule kijana. Swali lile lile. Akaanza: hasara asilimia 8, timu, kila wiki, miezi sita, asilimia 2. Nikaweka kalamu chini nikisubiri nguzo. Nguzo ikaja! Kumbe wote wawili walipita kwa mtu mmoja mjini anayefundisha watu kujibu mahojiano kwa ada.

Sasa msinielewe vibaya. Siwalaumu vijana wale hata kidogo. Nafasi moja ikitangazwa Nairobi, wasifu unajaa boksi. Mtu amekopa nauli kutoka Kayole, ameazima koti, angekuja bila kujiandaa tungesema hana nia. Na kuna jambo moja wengi hawalioni: aliyefanya kazi kweli naye hukariri. Anaogopa, kwa hiyo anayapanga maneno yake usiku kucha. Kwa hiyo kukariri peke yake hakukuambii kama mtu ni mkweli au si mkweli. Kunakuambia tu kwamba bado hujamsikia.

Na tatizo nusu yake ni letu. Kule kwa wakufunzi wanafundishwa kupanga hadithi kwa vipande vinne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Ni mpangilio mzuri. Ila sisi wa jopo tumefundishwa huo huo, na karatasi zetu za alama zina visanduku hivyo hivyo vinne. Mwombaji akivijaza vyote kwa mfuatano, tunamwona bingwa. Tena tunauliza maswali kumi kwa dakika arubaini. Dakika nne kila swali, mnategemea kusikia nini zaidi ya shairi?

Kabla sijaeleza ninachofanya siku hizi, niondoe takataka moja mezani. Kuna watu humu watasema wao humjua anayekariri kwa macho: haangalii, anajikuna, anameza mate. Utafiti mkubwa wa Bond na DePaulo, uliochapishwa mwaka 2006 baada ya kukusanya matokeo ya tafiti nyingi za namna watu wanavyotambua uongo, ulikuta kwamba kwa kumtazama na kumsikiliza tu mtu, tunapatia takriban asilimia 54. Ungerusha sarafu ungepata 50. Na kwetu sisi, kijana aliyelelewa vizuri kumkodolea mzee macho ni utovu wa adabu. Mkimkata alama kwa kuinamisha macho, mmemkata alama za malezi.

Kuna jaribio jingine ambalo lilininyima usingizi. Mwaka 2013 Dana, Dawes na Peterson walichapisha kazi ambapo wanafunzi waliwahoji wenzao, kisha wakakisia alama watakazopata chuoni. Baadhi ya waliohojiwa walikuwa wameagizwa kwa siri wajibu ndiyo au hapana kwa kufuata kanuni ya herufi za kwanza za maneno mawili ya mwisho ya swali, yaani majibu yasiyo na maana yoyote. Waliohoji hawakugundua. Walihisi wamemfahamu mtu vizuri. Na ubashiri wao ulikuwa duni kuliko wa kuangalia tu alama za zamani za mwanafunzi bila kumhoji kabisa. Akili yetu inashona hadithi kutoka kwa kitambaa chochote inachopewa. Ndiyo maana sitaki mtegemee kuhisi.

Basi nafanya nini? Nimepunguza maswali kutoka kumi hadi mawili. Moja ni la hadithi ya kazi aliyoifanya, la pili ni karatasi yenye tatizo, nitaifikia. Kila moja nalitengea dakika ishirini. Na kwenye hadithi, sitoki. Nashuka nayo kama mtu anayechimba kisima.

Chukueni ile asilimia 8. Swali la kwanza la kushukia ni dogo sana: asilimia 8 ya nini? Ninyi mnauza saruji kwa mfuko, misumari kwa kilo, mabati kwa kipande. Huwezi kujumlisha mifuko na kilo. Aliyehesabu kweli anajua ilibidi kila kitu kigeuzwe shilingi, na anajua mligombana kama ni kwa bei ya kununulia au bei ya kuuzia, kwa sababu hasara inabadilika. Swali la pili: siku ya kwanza ya hesabu mlianzia kona gani, na nani alishika kalamu? La tatu: ni nani hakuutaka mpango wako, na alikuwa na haki kiasi gani?

Hilo la tatu ndilo nalipenda. Hadithi za kukariri hazina watu. Kuna "timu", kuna "menejimenti", hakuna fundi aliyenuna. Lakini stoo ikifungwa kila wiki kuhesabiwa, lazima mtu wa mauzo alie, maana malori yako getini. Aliyepitia hayo atakwambia walivyofanya: pengine waliacha kufunga stoo nzima, wakawa wanahesabu aina chache kila siku kabla ya kufungua, saruji na nondo mara nyingi kwa kuwa zinatoka haraka, rangi na vitasa mara moja kwa mwezi. Hilo halimo kwenye shairi, kwa sababu mtunzi wa shairi hakuwahi kusikia lori likipiga honi.

Mwaka jana nilikuwa na waombaji wawili siku moja, nafasi ya stoo pia. Wa asubuhi alikuwa fasaha. Nikashuka naye. Asilimia ya nini? "Ya stoku yote kwa jumla." Mlianzia wapi? "Tulianza kwa kuwashirikisha wadau wote." Nani hakutaka? "Mwanzoni kulikuwa na changamoto, lakini kupitia mawasiliano mazuri tukazishinda." Mnaona? Kila swali limejibiwa, na hakuna lililojibiwa. Amejibu maswali ya jirani.

Mchana akaja mama mmoja, sauti ya chini. Hadithi yake ya kwanza ilikuwa maskini: "Kulikuwa na upotevu, tukaupunguza kidogo." Kwa zile alama zangu za zamani ningempa 4. Nikamwuliza upotevu wa nini. "Misumari." Kwa nini misumari? Akasogea mbele kwenye kiti. "Tulikuwa tunapokea kwa katoni, tunauza kwa kilo. Kila mwezi katoni zinaisha kabla ya hesabu ya mauzo. Bosi alisema vibarua wanaiba. Mimi nikachukua pakiti ya unga ya kilo mbili, nikaiweka kwenye mizani ya kaunta." Ikasomaje? "Kilo moja na gramu mia tisa." Kwa hiyo mteja aliyelipia kilo moja alikuwa anabeba gramu hamsini za bure, na kwenye katoni ya kilo 25 zaidi ya kilo moja inatoweka bila mwizi. Nani alikasirika? "Kijana wa kaunta, alidhani namchongea." Nikamwuliza alijuaje unga wenyewe haukuwa na upungufu. Akacheka. "Nilipima pakiti tatu, za aina tofauti."

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Mwenye shairi, ukimchimba anakauka na kurudia maneno makubwa. Mwenye kazi, ukimchimba anaongezeka. Na yule aliyekariri hadithi yake ya kweli naye anaongezeka, kwa hiyo hamtamwonea.

Mkono pale nyuma? Ndiyo, swali zuri: ikiwa amesahau? Watu husahau kweli. Mambo ya miaka mitano iliyopita hata mimi sikumbuki nani alishika kalamu. Kwa hiyo omba hadithi ya mwaka huu au uliopita, na mwambie mapema kwamba utauliza mambo madogo madogo na ana ruhusa ya kukaa kimya akumbuke. Kisha nyamaza kweli. Wakenya hatuwezi kimya, tunamsaidia mtu jibu. "Nadhani ulimaanisha ulitumia kompyuta?" Ndiyo, nilitumia kompyuta. Umeharibu.

Kitu kingine ninachofanya ni kumpa mwombaji karatasi tupu na penseli, nikamwomba achore stoo aliyofanyia kazi: mlango, mahali lori linaposhusha, saruji ilipokaa, meza yake. Wazo nilichota kwa watafiti wa mahojiano ya upelelezi. Aldert Vrij wa Chuo Kikuu cha Portsmouth na wenzake, mwaka 2009, waliwahoji watu waliodai walikula pamoja mkahawani, baadhi kweli, baadhi wamepanga uongo. Maswali waliyoyatarajia waliyajibu sawasawa. Walipoombwa wachore walivyoketi, waliopanga uongo wakaanza kutofautiana, kwa sababu walikuwa wamejiandaa kusema, hawakujiandaa kuchora. Sisi hatutafuti wahalifu, kwa hiyo sitoi alama kwa uzuri wa mchoro. Naitumia kama ngazi ya maswali. Mama wa misumari alichora saruji mbali na ukuta wa nyuma. Kwa nini? "Ukuta ule unanyonya maji mvua ikinyesha." Na chini kuna nini? "Mbao." Hapo nimejifunza zaidi kuliko ningemwuliza udhaifu wake ni upi.

Halafu kuna lugha. Hili nalisema kwa Nairobi hasa. Mashairi mengi ya mahojiano yametungwa kwa Kiingereza. Katikati ya hadithi, mwulize kwa Kiswahili, "Hebu niambie tu, siku hiyo ilikuwaje?" Mara nyingi mgongo unalegea, na mtu anaanza kueleza badala ya kukariri. Wengine ndipo unagundua wana akili kuliko ulivyodhani, Kiingereza ndicho kilikuwa kimewafunga koo. Lakini mpe kila mwombaji nafasi hiyo hiyo, mwache achague arudi Kiingereza akitaka, na usimkate alama kwa Sheng au lafudhi. Na mkishachimba, chimbeni kazi tu. "Kwenu ni wapi?" na "Umeolewa?" hazina kazi kwenye stoo, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi kwa kabila, jinsia, ujauzito na mengineyo, hata wakati wa kuajiri.

Sasa ile karatasi. Hii ndiyo inayoonyesha mtu anavyofikiri leo, na inamfaa pia kijana ambaye hajawahi kuajiriwa popote na hana hadithi ya kuchimba. Nampa nusu ukurasa. Ijumaa jioni stoo ina mifuko 460 ya saruji. Jumamosi imetoka 88, imeingia 40. Kadi ya stoo inasema 412. Jumatatu asubuhi hesabu ya mkono ni 396. Pengo ni mifuko 16. Getini kuna lori la mteja linasubiri mifuko 50. Unafanya nini kwanza?

Ninazo karatasi nyingine kwenye faili, ila simpi mpaka aziombe. Hapo ndipo ninapomwangalia: anaomba nini, na kwa sababu gani? Yule wa asubuhi hakuomba kitu. Alisema ataitisha mkutano wa timu, achunguze chanzo, atoe ripoti. Nikamkumbusha lori. Akasema atawasiliana na mteja. Mama aliuliza kwanza kama hesabu ya 396 ilifanywa na watu wawili au mmoja. Akasema atahesabu upya kabla lori halijapakia, kwa sababu likishapakia itabidi ategemee makaratasi, na makaratasi ndiyo yanayobishaniwa. Mwingine angeweza kusema apakie kwanza, aandike 50, mteja asipotee. Hilo nalo ni jibu zuri likiwa na sababu.

Kisha akaomba karatasi ya delivari ya Jumamosi. Nikaitoa. Imechapwa mifuko 40, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu: 16 imerudishwa, imeganda. Kwa hiyo zilizoingia ni 24, karani alinakili nambari iliyochapwa. Akatabasamu, akadhani tumemaliza.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mimi huanza. Nikachukua ile delivari, nikampa nyingine: safi, 40 zimepokelewa, sahihi ipo. Sasa je? Kubadilisha sharti moja ndiko kunakotenganisha watu, kwa sababu hakuna mkufunzi anayeweza kukukaririsha jibu la pili la tatizo lililobadilika mbele yako. Yule wa asubuhi nilipombadilishia, mkutano ulibaki pale pale.

Mama alinyamaza. Akasema, "Labda rundo lina pengo katikati, watu huhesabu mbele na kimo wakazidisha." Akanyamaza tena, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Pengo lingefanya hesabu izidi, na hii imepungua. Likiwepo, hasara ni kubwa kuliko 16." Jamani, mimi pale nilitaka kusimama. Alikosea, akajisahihisha kwa sauti, bila mtu kumsukuma. Akaomba kitabu cha geti cha askari, aone kama kuna gari lililotoka Jumamosi baada ya kadi kufungwa. Nikamwuliza swali langu la mwisho: ni nini kitakuonyesha kwamba hapo napo umekosea? "Kama geti halina kitu, narudi ndani. Mifuko 16 iliyotengewa mteja inaweza kuwa kona nyingine."

Karatasi hii ina ubovu wake pia. Waombaji hukaa benchi moja nje, na wa kwanza akitoka anawasimulia wa pili. Kwa hiyo nina matoleo matatu yenye nambari tofauti na chanzo tofauti, ugumu ule ule. Na baada ya miezi kadhaa nayatupa, maana nina hakika yule mkufunzi wa mjini yuko kazini.

Upande wa alama, neno moja. Kila mwanajopo anaandika zake kimya kabla mtu hajafungua mdomo, na mwenyekiti anasema wa mwisho. Hatuandiki "anajiamini" wala "anajieleza vizuri". Tunaandika aliomba karatasi gani, alibadilika lini, alijisahihisha wapi. Tunakubaliana kabla ya siku yenyewe 1 inaonekanaje na 5 inaonekanaje. Ile 9 yangu ya zamani, mtu angeniuliza imetoka wapi, ningejibu koti.

Haya. Kwenye viti vyenu kuna bahasha. Toleo hili si lile la mifuko 16, kwa hiyo msijisumbue. Kaeni wawili wawili, mmoja awe jopo, mwingine mwombaji. Mwenye bahasha ya kahawia asimwonyeshe mwenzake kitabu cha geti mpaka akiombwa. Mna dakika ishirini, nami nitapita nikiwabadilishia sharti.